Nywila ya Msimamizi na Nywila ya Kuwashia: Ipi Iwekwe kwenye Kompyuta Yako?

Mwalimu wa TEHAMA wa shule moja ya sekondari hapa Moshi alipokea kompyuta mpakato 12 zilizokwisha kutumika, zote aina ya ThinkPad T470, akanijia na swali. Katika ukurasa wa usalama wa bayosi alikuwa ameona mahali pa kuweka nywila mbili tofauti, moja imeandikwa `Supervisor Password` na nyingine `Power-On Password`, naye alitaka kujua aweke ipi kabla ya kuwafungulia wanafunzi maabara. Nilimjibu kwamba kwa maabara yake aweke ya kwanza na aiache ya pili. Sababu zake zilikuwa ndefu kuliko jibu, nazo ndizo ninazoziandika hapa, kwa kuwa mhasibu au mwenye duka akiuliza swali hilohilo hapati jibu lilelile.

Bayosi ni programu ya msingi iliyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi kuu ya mashine. Huamka kabla ya Windows, hukagua vifaa, kisha huamua mfumo uanzie wapi: kwenye diski ya ndani, kwenye flashi au kwenye mtandao. Mashine za siku hizi zina aina mpya inayoitwa UEFI, lakini mafundi na watumiaji bado tunaiita bayosi, nami nitafuata mazoea hayo. Nywila zinazowekwa humo hazina uhusiano wowote na ile unayoiandika ili kuingia Windows, na ndiyo maana kuifuta Windows na kuiweka upya hakuzigusi hata kidogo.

Nywila ya kuwashia, ambayo mashine nyingine huiita nywila ya mtumiaji, hulinda kitendo cha kuwasha. Mashine huganda kwenye kisanduku cha nywila, na asiyeijua haoni Windows wala kitu kingine. Nywila ya msimamizi hulinda mamlaka juu ya mipangilio: nani anaruhusiwa kubadili mahali mfumo unapoanzia, kufungua au kufunga milango ya flashi, kuzima ulinzi wa uanzaji, na kuweka au kuondoa nywila nyingine. Ukiiweka peke yake, mashine itawaka kama kawaida bila kumuuliza mtu chochote, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba haikushika.

Majina hubadilika kwa mtengenezaji. Dell huandika `Admin Password` kwa ya msimamizi na `System Password` kwa ya kuwashia. Acer huandika `Supervisor Password` na `User Password`, na kompyuta nyingi za mezani zenye bayosi ya AMI huandika `Administrator Password` na `User Password`. Neno la mtumiaji limewapotosha watu wengi, kwa sababu linaonekana kama cheo kidogo kisicho na madhara, kumbe hali yake hutegemea kama kiti cha juu, yaani cha msimamizi, kina mtu au kiko wazi.

| Iliyowekwa | Mashine ikiwashwa | Mtu akifungua mipangilio ya bayosi |
|---|---|---|
| Ya kuwashia peke yake | Huuliza nywila | Aliyeijua nywila hiyo ana mamlaka yote |
| Ya msimamizi peke yake | Haiulizi | Huuliza. Asiyeijua hana mamlaka kamili |
| Zote mbili | Huuliza, na hukubali yoyote kati ya hizo mbili | Kila mtu hupata mamlaka ya nywila aliyoiandika |

Mstari wa kwanza wa jedwali hili, ule wa nywila ya kuwashia peke yake, ndio wenye hatari, na kwa kuwa watu wengi huanzia hapo, nitakaa nao kidogo.

Kiti cha juu kikiachwa wazi

Kwenye bayosi ya AMI maelezo haya yameandikwa kwenye ukurasa wenyewe wa usalama, ingawa ni wachache wanaoyasoma: ikiwekwa nywila ya mtumiaji peke yake, hiyo huwa nywila ya kuwashia, na mtumiaji akiingia kwenye mipangilio huwa na haki za msimamizi. ThinkPad nayo haina tofauti kubwa. Kama hakuna nywila ya msimamizi, mtu aliyepita kizuizi cha kuwashia anaweza kufungua mipangilio na kuweka nywila ya msimamizi anayoitaka yeye.

Mwalimu wetu alikuwa ameyaonja haya. Kabla ya ThinkPad, maabara ilikuwa na kompyuta za mezani 14 zenye bayosi ya AMI, na mtangulizi wake aliziwekea `User Password` ya tarakimu 4 ili watu wa nje wasizitumie baada ya masomo. Nia ilikuwa njema, lakini nywila inayoandikwa na kila mwanafunzi kila kipindi haiwezi kuwa siri, kwani darasa la watu 40 lilihitaji kuijua ili somo lianze. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alibonyeza kitufe cha `Del` wakati mashine inawaka, akaandika tarakimu zilezile 4 ambazo wote walizijua, akajikuta ndani ya mipangilio akiwa na haki zote. Akaweka `Administrator Password` yake mwenyewe kwenye mashine 3.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyejua, kwa kuwa mashine ziliendelea kuwaka kwa nywila ileile ya zamani. Jambo lilibainika wakati wa likizo, mwalimu alipotaka kuweka Windows upya kwa flashi. Aliingia kwenye mipangilio kwa nywila ya mtumiaji, akakuta kipengele cha mpangilio wa uanzaji kimefifia na hakishikiki. Kuna dalili moja ambayo angeiona mapema kama angejua pa kutazama: kwenye ukurasa wa kwanza wa bayosi hizo upo mstari wa `Access Level`, nao ulikuwa umebadilika kutoka `Administrator` kuwa `User`. Mtu anayeamini kuwa yeye ndiye mwenye mashine, kisha akakuta neno `User` hapo, ajue kwamba kuna mwingine aliyekwisha kukaa kwenye kiti cha juu.

Mashine zile zilikuwa za mezani, na bodi zake zilikuwa na pini maalumu za kufuta nywila, hivyo nilizifungua, nikahamisha kikofia cha pini, nikawasha, nikakirudisha, kazi ikaisha kabla ya saa sita mchana. Kwenye kompyuta mpakato mambo yasingekuwa mepesi hivyo, kama nitakavyoeleza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba nywila ya kuwashia haifai kuwekwa peke yake kwenye mashine inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ukiihitaji, iweke, lakini tangulia na ya msimamizi.

Kuiweka ya msimamizi ikafanya kazi yake

Tulianza na ThinkPad ya kwanza mbele ya mwalimu ili nyingine afanye mwenyewe. Unawasha mashine na kubonyeza `F1` nembo inapotokea, au ukiwa tayari ndani ya Windows unafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika:

```
shutdown /r /fw /t 0
```

Mashine itajizima na kuamkia moja kwa moja kwenye mipangilio. Unakwenda `Security`, kisha `Password`, unachagua `Supervisor Password`, unaiandika mara mbili, na kuhifadhi kwa `F10`. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo kazi hubaki nusu.

Ukurasa huohuo una kipengele kiitwacho `Lock UEFI BIOS Settings`, ambacho mashine hutoka nacho kiwandani kikiwa kimezimwa. Kikibaki hivyo, mtu asiyejua nywila anaweza kubonyeza Enter bila kuandika kitu, akaingia kwenye mipangilio na kubadili vipengele vingi, isipokuwa vile vya usalama ambavyo vimefungwa kwa msimamizi. Ukikiwasha, asiye na nywila hawezi kubadili kitu. Nimekutana na mashine za ofisi zilizowekewa nywila ndefu ya msimamizi huku kipengele hiki kikiwa kimezimwa, na wenyewe wakiamini kwa dhati kwamba wamefunga.

Kipengele cha pili ni `Password at Boot Device List`. ThinkPad ikibonyezwa `F12` wakati wa kuwaka huonyesha orodha ya vifaa vya kuanzia, na mwanafunzi mwenye flashi yenye mfumo mwingine anaweza kuichagua papo hapo bila kugusa mipangilio yoyote. Kipengele hiki kikiwashwa, orodha haifunguki mpaka nywila ya msimamizi iandikwe. Njia nyingine ni kwenda `Startup` na kuzima `Boot Device List F12 Option` moja kwa moja. Kwa maabara nilipendelea ile ya kwanza, kwa kuwa mwalimu mwenyewe huhitaji orodha hiyo kila anapoweka Windows upya.

Baada ya kuhifadhi, tulijaribu kama mtu asiyejua nywila. Tulizima mashine kabisa, tukawasha, ikaingia Windows bila kuuliza. Tukaizima tena, tukabonyeza `F12`, ikadai nywila. Tukajaribu `F1` na kubonyeza Enter tupu, na hakuna kipengele kilichokubali kubadilishwa. Majaribio haya matatu huchukua dakika tatu kwa mashine moja, na bila kuyafanya huna hakika ya ulichokifanya.

Nina neno kuhusu uchaguzi wa herufi. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazofika Moshi na Arusha zinatoka Ulaya, na kibodi zake hazifanani. Kwenye kibodi ya Kijerumani herufi Y na Z zimebadilishana nafasi, na kwenye ya Kiingereza cha Uingereza alama ya `@` haikai pale ilipo kwenye ya Kimarekani. Bayosi inaweza kusoma kibodi kwa mpangilio tofauti na ule wa Windows, na huoni unachoandika, kwa hiyo nywila uliyoiandika ukiwa na uhakika inaweza kuwa nyingine kabisa siku mashine itakapobadilishiwa kibodi. Nilimshauri mwalimu atumie herufi ndogo na tarakimu tu, aepuke y na z, na alama zote aziache, kisha arefushe nywila ili kufidia. Nywila ya herufi na tarakimu 12 za namna hiyo inamtosha.

Tena, ThinkPad huhesabu makosa. Ukikosea nywila mara tatu husimama na kukulazimu kuzima na kuanza upya, hivyo ni bora kuiandika polepole kuliko kubahatisha.

Gharama ya kusahau

Nywila hizi mbili zinatofautiana zaidi pale zinaposahaulika, na tofauti hiyo inastahili kupimwa kabla hujaweka yoyote.

Nywila ya kuwashia ikisahaulika na ya msimamizi ikawa inajulikana, hakuna tatizo: unaandika ya msimamizi kwenye kisanduku cha kuwashia, unaingia kwenye mipangilio, unaifuta ile ya zamani na kuweka mpya bila kumtafuta aliyeiweka. Ikisahaulika na ya msimamizi haikuwekwa, kwenye miundo mingi ya ThinkPad fundi huondoa umeme wote, yaani chaja, betri kuu na ile betri ndogo inayoshikilia saa, kisha huwasha mashine na nywila huwa imepotea. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo inayoonyesha jinsi kizuizi hicho kilivyo chepesi kwa mtu mwenye bisibisi.

Nywila ya msimamizi haikai mahali hapo. Imehifadhiwa kwenye chipu ambayo haitegemei betri, na kung'oa betri usiku kucha hakuibadilishi. Lenovo inaeleza wazi kwenye miongozo yake kwamba haina njia ya huduma ya kuiondoa nywila hiyo ikisahaulika, na kwamba bodi kuu ya mashine hubadilishwa, kwa gharama ya mwenye mashine na kwa uthibitisho wa ununuzi. Kwa kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imetumika, bei ya bodi pamoja na kazi inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Wapo mafundi wanaogusisha miguu ya chipu kwa waya mashine ikiwa inawaka, na kwenye miundo ya zamani wengine walifanikiwa, lakini nimepokea bodi zilizokufa kwa jaribio hilo na simshauri mtu yeyote aikubali kazi hiyo kwa mashine anayoihitaji.

Hii ndiyo sababu mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anapaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Mashine yenye nywila ya msimamizi peke yake huwaka vizuri, hufungua Windows, huonyesha picha nzuri kwenye kioo, na mnunuzi huondoka nayo akiwa ameridhika. Miezi sita baadaye, diski inapokufa na fundi anapotaka kuanzisha mashine kwa flashi, ndipo kufuli huonekana. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, omba mashine izimwe, iwashwe kwa kitufe cha kufungulia mipangilio, ambacho kwenye ThinkPad ni `F1`, na uone kama inadai nywila. Kwenye ThinkPad kuna njia nyingine ya kuthibitisha ukiwa ndani ya Windows, kwa kufungua PowerShell kama msimamizi:

```
(gwmi -Class Lenovo_BiosPasswordSettings -Namespace root\wmi).PasswordState
```

Jibu ni namba. 0 maana yake hakuna nywila, 1 ni ya kuwashia peke yake, 2 ni ya msimamizi peke yake, na 3 ni zote mbili. Namba kubwa zaidi huingiza nywila ya diski, ambayo ni jambo la tatu lenye hesabu yake. Tulipoendesha amri hii kwenye zile mashine 12 za shule, 11 zilitoa 0 na moja ikatoa 2. Muuzaji hakuijua nywila yake, na inaelekea iliachwa na ofisi ya kwanza iliyoitumia mashine hiyo huko ilikotoka. Kwa bahati siku 7 za makubaliano ya kurudisha zilikuwa hazijaisha.

Wenye Acer nao wana mtego wao. Kwenye mashine nyingi za Acer kipengele cha ulinzi wa uanzaji, `Secure Boot`, huwa kimefifia mpaka uweke `Supervisor Password`, kwa hiyo watu huweka nywila yoyote ya haraka ili wapate kuweka mfumo mwingine, wakamaliza, wakasahau. Kama umeiweka kwa ajili hiyo tu, rudi uiondoe siku hiyohiyo: chagua kipengele kilekile, andika nywila ya sasa, kisha kwenye nafasi za nywila mpya bonyeza Enter bila kuandika kitu.

Mhasibu wa Arusha na mwenye duka la Ngarenaro

Wiki hiyohiyo nilikuwa na mhasibu wa kampuni ya utalii mjini Arusha, ambaye husafiri kwa basi kati ya Arusha na Moshi akiwa na kompyuta yenye hesabu za mishahara. Kwake nilipendekeza nywila zote mbili, kwa kuwa mashine ina mtumiaji mmoja na hofu yake ni kuibiwa. Nywila ya kuwashia humsumbua mwizi anayetaka kuitumia, na ya msimamizi, ambayo inashikwa na ofisi, huifanya mashine iwe mzigo hata kwa fundi wa kuichokonoa. Mhasibu anajua ya kuwashia tu. Akihama kazi au akisahau, ofisi inaingia kwa ya msimamizi na kuibadilisha.

Lakini nilimwambia mambo mawili ambayo hakuyatarajia. La kwanza ni kwamba nywila ya kuwashia huulizwa mashine inapotoka kwenye kuzimwa kabisa, na si inapoamshwa usingizini. Akifunga kifuniko na kupanda basi, mashine imelala tu, na atakayekifungua atakutana na kufuli la Windows peke yake. Akitaka nywila ya kuwashia imsaidie njiani, lazima azime kabisa au aweke kifuniko kifanye mashine ihifadhi kazi kwenye diski na kuzimika.

La pili ni zito zaidi: hakuna hata moja kati ya nywila hizi inayofunga data. Diski ikifunguliwa skrubu na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, mafaili ya mishahara yanasomeka yote, hata kama mashine ilikuwa na nywila za herufi 60. Kinachofunga data ni usimbaji wa diski wenyewe, kama BitLocker kwenye Windows, nacho tulikiwasha kwa mhasibu. Kuna tahadhari inayowahusu wenye BitLocker: ukibadilisha `Secure Boot` au mpangilio wa uanzaji, mashine inaweza kuona kuwa mazingira yamebadilika na kudai ufunguo wa uokozi wa tarakimu 48. Kabla ya kuingia kwenye bayosi, hakikisha ufunguo huo umehifadhiwa mahali, kisha simamisha ulinzi kwa muda kwenye dirisha la amri ulilolifungua kama msimamizi:

```
manage-bde -protectors -disable C:
```

Ulinzi hurudi wenyewe mashine inapowaka tena.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro yeye alikuwa amefanya kinyume. Kompyuta yake ya mezani ya mauzo ilikuwa na nywila ya kuwashia, na kila umeme ulipokatika na kurudi, mashine ilijiwasha yenyewe kwa kuwa `After Power Loss` imewekwa kuwasha, kisha ikasimama kwenye kisanduku cha nywila ikimsubiri mtu. Akiwa safarini hakuweza kuifikia kwa mtandao kutazama mauzo, na kijana wa kaunta alimpigia simu kuomba nywila, akaipaza mbele ya wateja. Tuliiondoa ya kuwashia, tukaweka ya msimamizi, tukazuia uanzaji kwa flashi, na kufuli la Windows likabaki kuwa ndilo linalomzuia mtu kuona mauzo. Hali yake inafanana na ya maabara kuliko ya mhasibu: mashine inakaa mahali pamoja, inashikwa na mikono mingi, na inapaswa kuwaka bila mtu maalumu.

Kwa mwalimu kulikuwa na swali la mwisho, kama nywila ya msimamizi iwe moja kwa mashine zote 12 au kila mashine na yake. Nilimshauri iwe moja, kwa kuwa mashine hazitoki nje ya chumba na nywila 12 tofauti zingeishia kubandikwa ukutani. Nywila ya kwanza ya msimamizi, kwenye muundo huu, huwekwa kwa mkono mashine moja baada ya nyingine, na amri za Windows huweza kuibadilisha tu ikiwa tayari ipo. Ikatuchukua mchana mmoja. Aliiandika kwenye karatasi pamoja na namba za utambulisho za mashine, karatasi ikafungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kwa mkuu wa shule ili iwekwe kwenye kabati la chuma, na makubaliano yakawa kwamba mwalimu wa TEHAMA akihamishwa, atakayempokea ataifungua bahasha, ataingia kwa nywila iliyomo, ataibadilisha kwenye kila mashine, na kuweka bahasha mpya. Mwalimu pia alikubali kutoiandika nywila hiyo mbele ya darasa, kwa sababu mwanafunzi anayetazama vidole ana macho mazuri. Mashine ya 12, ile iliyotoa 2, ilibadilishwa na muuzaji siku ya tano. Mpya ilitoa 0 kwa ile amri, ikawekewa nywila, `Lock UEFI BIOS Settings` ikawashwa, ikajaribiwa kama nyingine, na ilipoulizwa tena ikatoa 2.